Mashine ya kufulia juu ya sakafu ya mbao

Mashine ya kufulia ikiwa ghorofani, shida yake haionekani inapojaza maji wala inaposugua nguo. Huonekana inapoanza kukamua. Vikombe vinagongana kabatini, jirani wa chini anasikia dari likinguruma, na mashine yenyewe inasogea kidogo kidogo hadi bomba la maji linavutika. Hapo wengi hukimbilia dukani kununua vipande vinne vya mpira vya kuweka chini ya miguu yake. Juu ya zege mara nyingi vinatosha. Juu ya mbao mtikisiko hubaki vilevile, na wakati mwingine huongezeka, kwa sababu kinachonesa ni sakafu.

Nguvu yenyewe inatoka ndani. Nguo zilizolowa hazijipangi sawasawa kwenye pipa. Taulo moja likijikunja upande mmoja, huenda upande huo ukawa mzito kwa nusu kilo. Pipa likizunguka mara 500 kwa dakika, nusu kilo hiyo, ikiwa karibu robo mita kutoka katikati, huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 33 hivi. Kasi ikifika mizunguko 1000, nguvu haiongezeki mara mbili bali mara nne, yaani zaidi ya kilo 130, na kila mzunguko inageuka upande. Springi na shokapu zilizoshikilia pipa, pamoja na vitalu vizito vilivyofungwa humo, humeza sehemu kubwa. Kinachobaki hushuka miguuni.

Zege hukipokea bila kusogea. Sakafu ya mbao hupinda na kurudi, na ina mdundo wake wa asili: nyingi hunesa kati ya mara 8 na 15 kwa sekunde zikigongwa. Mashine inayokamua kwa mizunguko 800 kwa dakika inaigonga sakafu mara 13 kila sekunde. Midundo hiyo miwili ikikutana, kila pigo huikuta sakafu ikiwa tayari inaelekea kulekule, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati wake. Pigo ni dogo, lakini mnesuo unakua.

Sasa mpira. Nao una mdundo wake. Kipande kilichobonyea milimita 1 hivi kwa uzito wa mashine hucheza karibu mara 16 kwa sekunde, na mashine inayokamua kwa mizunguko 1000 hugonga karibu mara 17. Katika kasi hiyo mpira hauzuii kitu, huenda ukaongeza. Kazi anayoiweza ni kuzuia miguu isiteleze na kukata mlio mwembamba wa bati na mota usipite kwenye mbao. Ni kazi nzuri, lakini inakuja mwisho. Sponji laini ndiyo mbaya kuliko zote: mashine huelea juu yake na kuyumba kama haina pa kushika.

Kwa hiyo kwanza ni mahali pa kuiweka. Tuchukue chumba cha juu katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe wa Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa, kilichotandikwa mbao juu ya boriti. Vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Tuseme chetu kina upana wa mita 2.8. Boriti zimelala kutoka ukuta hadi ukuta, sentimita 45 kutoka moja hadi nyingine. Mashine ikiwekwa katikati ya chumba, boriti hupinda kiasi chake kikubwa kabisa. Ikisogezwa hadi katikati yake iwe sentimita 35 tu kutoka ukuta ulioshika ncha za boriti, boriti zilezile, kwa uzito uleule, hupinda karibu moja ya tano ya pale mwanzo. Hakuna kipande cha mpira kinachoweza kuleta tofauti hiyo, na kuisogeza hakugharimu chochote isipokuwa bomba refu zaidi.

Jambo linalowapotosha watu ni ukuta gani. Chumba kina kuta nne, na mbili kati yake hazibebi boriti. Boriti zimepita sambamba nazo. Ukiweka mashine kando ya ukuta wa namna hiyo, katikati ya urefu wake, boriti iliyo chini bado ina mita 2.8 za kupinda hata kama mgongo wa mashine unagusa plasta. Ili kujua boriti zinaelekea wapi, tazama misumari ya mbao za sakafu. Mbao hupigiliwa mahali zinapokatiza boriti, kwa hiyo mstari wa misumari ndio mstari wa boriti. Ufuate hadi unapoingia ukutani. Pale ndipo pa kuweka mashine.

Ila pana sharti ambalo kwenye nyumba hizi si dogo. Ncha ya boriti ndani ya ukuta ndiyo sehemu inayooza mapema, kwa unyevu wa chokaa na maji ya mvua yanayopenya juu, na mchwa nao huanzia huko. Kabla ya kuamua, shuka chini ukazitazame boriti zinapoingia ukutani, uzichome kwa bisibisi. Mbao nzima humzuia mtu. Iliyooza humeza chuma sentimita moja au mbili bila kelele. Ukikuta hivyo, mashine isipande mpaka fundi aliyezoea nyumba za zamani abadilishe boriti au aipe nguzo. Hapo shida si mtikisiko tena.

Baada ya mahali ni msingi. Mashine ya mlango wa mbele, pamoja na maji na nguo, hukaribia kilo 100, na uzito huo wote umekalia miguu minne midogo. Mguu ukiangukia kati ya boriti mbili, unakalia ubao mwembamba unaonesa peke yake, na pembe hiyo ya mashine hucheza hata kama boriti ni imara. Dawa ni jukwaa la plaiwudi. Chukua plaiwudi ya milimita 18, ile isiyoogopa maji, ukate vipande viwili vya sentimita 120 kwa 80. Vipake gundi ya mbao uso mzima, uvilaze kimoja juu ya kingine, uvifunge kwa skrubu kila baada ya sentimita 15. Umepata ubao mmoja wa milimita 36 usiopindika kwa urahisi.

Upande mrefu ukatize boriti. Kwa nafasi ya sentimita 45, boriti tatu zinaingia chini ya sentimita 120, na mashine yenye upana wa sentimita 60 inakaa katikati yake. Sasa uzito unagawanywa kwa boriti tatu. Kabla ya kulaza jukwaa, kanyaga mbao za chini. Zinazolia au kuinuka zikazwe kwanza. Kisha jukwaa lifungwe kwa skrubu zinazofika ndani ya boriti zenyewe, si kwenye mbao za sakafu tu. Ikiwa mbao za sakafu zina unene wa milimita 25, skrubu ya milimita 100 inapita jukwaa na mbao na kubakiza karibu sentimita 4 za kushika boriti. Acha mwanya wa sentimita moja kati ya jukwaa na ukuta, mtikisiko usipate njia ya kuingia ukutani. Kingo zipakwe rangi ya mafuta, na uzungushie ukingo mdogo wa mbao ili bomba likivuja maji yasikimbilie kwenye boriti.

Kama dari la chini liko wazi, pana kazi moja ya ziada inayosaidia sana: vipande vya mbao vinavyokatiza kati ya boriti na boriti, vikiingia kwa kubana, chini ya mahali ilipo mashine. Boriti moja ikisukumwa, jirani zake nazo hubeba.

Sakafu nyingine za nyumba hizi hazina mbao juu. Boriti zimebeba mawe na chokaa. Hizo ni nzito na hunesa kidogo zaidi, lakini hazitobolewi ovyo. Jukwaa hapo hulazwa tu juu ya mkeka mwembamba wa mpira, ili lisiyumbe wala kuteleza. Na sikubaliani na wanaoweka vitalu vya zege chini ya mashine ghorofani. Uzito huo hutuliza kidogo, lakini huwakalia boriti usiku na mchana, na katika nyumba ya miaka mingi hakuna sababu ya kuwaongezea mzigo wakati plaiwudi inafanya kazi ile.

Mipira sasa ina mahali pake. Iwe migumu, unene wa sentimita moja hivi, na mipana kuliko mguu. Weka mipira kwanza, ndipo usawazishe mashine. Laza pimamaji juu yake kwa upana na kwa kina, uzungushe miguu kwa spana, kisha ukaze nati ya kila mguu ipande hadi bati la chini. Nati hiyo husahauliwa mno, na bila hiyo mguu hujifungua wenyewe kwa mtikisiko. Bonyeza pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, kisha mbili nyingine. Mashine isicheze kabisa. Ikiwa ni mpya au imetoka safari, hakikisha bolti ndefu za nyuma zinazofunga pipa wakati wa kusafirisha zimetolewa. Zikibaki, springi hazifanyi kazi na hakuna sakafu itakayovumilia.

Baada ya hapo iendeshe ikiwa na nguo za kawaida na usikilize mtikisiko unakuja lini. Ukija mwanzoni kabisa mwa kukamua, pipa likigonga pembeni, nguo zimejikusanya au shokapu zimechoka. Mngurumo mzito unaokua na kasi, hata pipa likiwa tupu, ni beringi. Lakini mtikisiko ukipanda kasi inapofika mahali fulani kisha ukatulia kasi ikizidi, huo ni mdundo wa sakafu. Weka glasi ya maji sakafuni, hatua moja kutoka kwenye mashine, na utaona viwimbi vikikua na kupungua kwa kasi hiyohiyo. Kama baada ya jukwaa bado vinakua kwenye mizunguko 800, usikae hapo: kamua kwa 600, au kwa 1000 ambako mashine hupita mahali hapo haraka. Jaribu zote mbili ukitazama glasi.

Mpira mpya huendelea kubonyea kwa siku kadhaa, na si pembe zote kwa kiasi kimoja. Baada ya wiki mbili rudisha pimamaji juu ya mashine, na ukaze nati upya.