Maziwa Yakija na Mtoto Hayupo

Siku ya tatu baada ya kujifungua, matiti hujaa. Hujaa kwa mama anayenyonyesha, na hujaa vilevile kwa mama aliyemzika mwanawe jana. Huyu wa pili mara nyingi hakuonywa. Anaamka usiku amelowa kifuani, matiti yamekuwa magumu na yanauma, na hajui kama ni ugonjwa, mkosi au adhabu.

Si lolote kati ya hayo. Wakati wa ujauzito, kondo la nyuma hutoa homoni inayoyazuia maziwa yasitoke mapema. Kondo likishatoka, kizuizi hicho huondoka, na homoni ya kutengeneza maziwa hubaki ikifanya kazi peke yake. Kinachofungua maziwa ni kutoka kwa kondo wala si kilio cha mtoto. Ndiyo maana mama aliyejifungua mtoto mfu ni mzazi kamili kimwili: kizazi chake kinarudi, damu inamtoka, mshono unauma, maziwa yanakuja. Lakini kwa kuwa hana mtoto wa kupeleka kliniki, naye mwenyewe haendi, na nyumbani watu humwangalia kama mfiwa wakasahau kwamba ametoka leba.

Shirika la Afya Duniani huhesabu watoto wafu kuanzia ujauzito wa wiki 28. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2021 walizaliwa takriban milioni 1.9 duniani, na zaidi ya wanne katika kila kumi walikufa uchungu ukiwa umeshaanza.

Tuchukue mfano wa mama mmoja, tumfuate hatua kwa hatua. Ana ujauzito wa wiki 36. Presha imepanda, kichwa kinamuuma, na kwa siku mbili mtoto hachezi. Hospitali wanapima, mapigo ya moyo hayapo. Anaanzishiwa uchungu, na Jumatatu alfajiri anajifungua mtoto wa kike aliyekwisha kufa.

Swali la kwanza huja palepale: atamwona? Desturi ya sehemu nyingi ni kumfunika mtoto haraka, baba na wajomba wakamchukua kwenda kuzika huku mama bado ana dripu mkononi. Wanafanya hivyo kwa huruma. Utafiti kuhusu jambo hili haujakubaliana: uliochapishwa Uingereza mwaka 2002 uliona msongo zaidi kwa mama waliowashika watoto wao, ilhali tafiti nyingine, zikiwemo za Uswidi, zilikuta wengi wakishukuru kwamba waliwaona. Kwangu mimi linalotoka hapo ni moja, kwamba mama aulizwe. Asilazimishwe na asizuiwe. Akikataa saa hii, aulizwe tena jioni.

Kabla ya kuletewa, mkunga amweleze atakachokiona. Mtoto aliyekaa tumboni siku mbili baada ya kufa huwa ngozi imeanza kuchubuka, midomo imekuwa myekundu iliyokolea, kichwa ni laini, viungo vimelegea. Hayo yametokea baada ya kifo. Si alama ya maumivu wala ya jambo alilotendewa. Mama aliyeambiwa mapema huyapita hayo akaangalia vidole, nywele, pua ya babake. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mwili hubadilika upesi, kwa hiyo kama familia inahitaji saa chache zaidi, mtoto ahifadhiwe penye ubaridi kisha arudishwe kwa mama.

Kumbukumbu hazihitaji fedha. Kila hospitali ina kidau cha wino ambacho watu huwekea dole gumba kwenye fomu za ridhaa. Unyayo ukipanguswa taratibu, ukagandamizwa hapo kisha kwenye karatasi nyeupe nzito, unatoa alama inayodumu miaka. Nesi anaweza kuandika pembeni tarehe, saa, uzito na urefu. Kipande cha kanga alichofunikwa, kishungi kidogo cha nywele, utepe wa mkononi wenye jina la mama: vyote vinaingia ndani ya bahasha moja. Picha ya simu inatosha, na kama wazazi hawataki uso, mkono wa mtoto juu ya kidole cha mama ni picha kamili. Mama asiyetaka kuiona sasa, dada yake aitunze. Ukishazika, unyayo haupatikani tena.

Jina pia ni haki yao. Kwa Waislamu wa pwani wafuatao madhehebu ya Shafii, mtoto aliyefikisha miezi minne tumboni huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa. Walikotofautiana wanazuoni ni kwenye swala ya jeneza, na hilo imamu wa mtaa atalijibu. Hakuna haja ya kukimbilia kaburini kana kwamba mtoto hakuwapo.

Mambo mawili ya kitabibu yasipitwe siku hiyohiyo. Kondo lichunguzwe kabla halijatupwa, kwa sababu mara nyingi ndilo lenye jibu: lilijitenga mapema, lina madonge ya damu, au lina maambukizi. Na kama damu ya mama ni ya kundi hasi, achomwe sindano ya kinga iitwayo anti-D ndani ya saa 72, ili mwili wake usije ukamshambulia mtoto anayefuata. Mtoto kufa hakuondoi hitaji la sindano hiyo.

Tunafika Alhamisi, maziwa yamekuja. Shangazi, kwa mapenzi, anakanda kifua kwa maji ya moto na kukamua mpaka matiti yawe matupu. Hapo ndipo kosa lilipo. Joto huyaita maziwa, na titi lililomwagwa lote huamini kuna mtoto anayenyonya, likatengeneza mengine. Kinachosaidia ni kinyume chake: sidiria inayoshika vizuri usiku na mchana, kitambaa cha maji baridi kwa dakika kumi na tano hivi, parasetamoli, na kukamua kidogo tu, kiasi cha kupunguza ugumu. Kulifunga titi kwa kanga kwa nguvu husababisha mirija kuziba. Maumivu makali hupungua baada ya siku chache, ingawa matone yanaweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Titi likiwa jekundu sehemu moja, la moto, na homa ikapanda, hayo ni maambukizi, yanahitaji dawa za hospitali.

Kipo kidonge cha kukausha maziwa, kabergolini, ambacho hufanya kazi kikitolewa mapema. Lakini mama wetu huyu alikuwa na presha, na mwenye presha ya ujauzito hapewi. Asinunue duka la dawa kwa sababu jirani alitumia.

Presha yake yenyewe haijaisha kwa kuwa mimba imetoka. Kifafa cha mimba kinaweza kumjia mzazi siku kadhaa baada ya kujifungua. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona vimulimuli, au chembe ya moyo ikiuma, familia isiseme ni kwa ajili ya kulia. Arudi hospitali saa hiyohiyo. Arudi pia damu ikijaza pedi nzima ndani ya saa moja, ikinuka vibaya, homa ikipanda, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikimkatika. Damu ya kawaida huwa nyekundu siku za mwanzo, hugeuka ya kahawia, na huisha taratibu kufikia wiki ya sita. Supu na uji wa mzazi apewe kama kawaida. Amepoteza damu kama mzazi mwingine yeyote. Na zile siku za kurudi kliniki, ndani ya siku tatu, wiki ya pili na wiki ya sita, ni zake hata akienda mikono mitupu. Aambie mlangoni mapema kilichotokea, asije akaulizwa mtoto yuko wapi mbele ya foleni.

Huzuni haina ratiba kama hiyo. Mama wengi husikia mtoto akilia usiku, au mikono ikawauma kwa kutaka kubeba. Si wazimu. Wengine humkwepa wifi mwenye mimba, wakajichukia kwa kufanya hivyo. Baba mara nyingi hushughulika na jeneza, nauli na wageni, kisha huzuni ikamkamata kazini mwezi mmoja baadaye, wakati kila mtu ameshaacha kumpa pole. Mke akidhani mumewe hajali, na mume akidhani kunyamaza ndiko kumlinda mkewe, nyumba hugawanyika bila ugomvi. Wakae waangalie ile bahasha pamoja.

Wageni waache kusema “bado kijana, utapata mwingine.” Huyu ndiye aliyefiwa. “Pole mama kwa kumpoteza mwanao, mlimpa jina gani?” inatosha. Mtoto mkubwa nyumbani aambiwe mdogo wake amekufa, asiambiwe amelala, maana anaweza kuanza kuogopa usingizi.

Hatia ndiyo inayowatesa zaidi: nilibeba ndoo, niligombana, nilisafiri kwa bodaboda. Ndoo haikumuua. Wanaoua ni presha, kondo kujitenga, kaswende, malaria, kisukari, uchungu uliokwama muda mrefu, na kuna watoto ambao chanzo hakipatikani hata kwa vipimo vyote. Wanaomtupia mama neno la uchawi au la kutoka nje ya ndoa wanamwongezea mzigo bila ushahidi. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo halali hata akiwa amechoka, hali, au anasema afadhali afe, hiyo imekuwa maradhi. Apelekwe kwa daktari, asiachwe peke yake.

Kuhusu mimba nyingine, lililo la haraka ni hili: mama asiyenyonyesha anaweza kupevusha yai wiki ya nne, kabla hajaona hedhi. Kama hawako tayari, wazungumze na mkunga kuhusu kijiti, kitanzi au kondomu; vidonge vya homoni mbili havimfai aliyetoka kwenye presha. Muda wa kusubiri hauna namba moja. Utafiti wa mwaka 2019 uliohusu wanawake zaidi ya 14,000 wa Ufini, Norwei na Australia haukuona hatari zaidi kwa waliopata mimba ndani ya mwaka mmoja. Lakini hizo ni nchi zenye kliniki karibu na damu ya kutosha mwilini. Kwetu, wakunga wengi hushauri miezi sita au zaidi, damu iwe imerudi na presha imetulia, na aliyepasuliwa angoje zaidi ili kovu likomae.

Mimba ikiingia, aanze kliniki kabla ya wiki 12, abebe maandishi ya safari iliyopita, na aseme wazi kwamba alijifungua mtoto mfu. Kwa historia ya presha, daktari humwanzishia aspirini ya dozi ndogo kila siku kuanzia wiki ya 12, na hupima presha na mkojo kila anapofika. Yeye na mumewe wapimwe kaswende. Na yapo maneno ambayo ayakatae hata yakisemwa na bibi: kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia. Mtoto mzima huendelea kucheza mpaka siku ya uchungu. Akicheza pungufu ya alivyozoea, mama asinywe soda akasubiri asubuhi. Aondoke usiku huohuo, mumewe atafute usafiri, wakasikilize mapigo ya moyo.