PS5 ya Maskati katika Sebule ya Unguja

Lugha ya mashine ya gemu unaweza kuibadilisha kila siku ukitaka, lakini nchi ya akaunti ya PlayStation huchaguliwa mara moja tu. Watu wengi huhangaika siku nzima na lugha, kisha wanapofika kwenye nchi hubofya chochote ili watoto waanze kucheza. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa, na huja kuonekana miezi kadhaa baadaye, wakati pesa na gemu zimeshaingia kwenye akaunti.

Tuchukue familia moja ya Unguja. Ami yao anayeishi Maskati amewatumia PS5 aliyokuwa akiitumia mwenyewe. Nyumbani kuna watoto wawili, wa miaka 9 na 14. Mashine inawaka, maandishi yote ni ya Kiarabu, na ndani yake bado kuna jina la ami.

Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha za PS5, kwa hiyo Unguja watu wengi watachagua Kiingereza, na msomaji wa Bukavu pengine Kifaransa. Njia ya kufika huko ni fupi. Kwenye ukurasa wa kwanza, sehemu ya juu, kuna alama ya gurudumu lenye meno. Ndiyo mipangilio, Settings. Ndani yake tafuta النظام, yaani System, kisha اللغة, yaani Language, na humo utaona Console Language. Majina ya lugha kwenye orodha huandikwa kila moja kwa maandishi yake, kwa hiyo English unaitambua hata kama mengine yote huyajui. Kama mashine imetoka Japani, neno la kutafuta kwa ajili ya lugha ni 言語. Mwombe aliyekutumia akuandikie maneno hayo mawili matatu kabla ya kufunga mzigo.

Gemu zenyewe ni jambo jingine. Nyingi hufuata lugha ya mashine, lakini diski huwa na zile lugha tu ambazo mtengenezaji alizitia. Ukibadilisha lugha ya mashine na gemu ikabaki vilevile, mashine haina kosa. Angalia mipangilio ya ndani ya gemu, kisha soma lugha zilizoandikwa nyuma ya kasha.

Kwa mashine iliyotumika, mimi nisingebadilisha lugha peke yake. Ningefuta kila kitu. Ami aondoe kwanza anachokitaka, kisha nenda System, halafu System Software, Reset Options na Reset Your Console. Mashine itawaka upya kama iliyotoka dukani, na swali lake la kwanza litakuwa lugha. Kama kuna namba ya siri ambayo ami ameisahau, izime kabisa, ubonyeze kitufe cha kuwashia bila kukiachia mpaka usikie mlio wa pili, uunganishe padi kwa waya wa USB, na orodha itakayotokea ina chaguo la Reset PS5.

Sasa nchi. Unapofungua akaunti utaulizwa unaishi wapi, na katika orodha hiyo Tanzania haimo. Kenya haimo, Uganda vilevile. Oman imo, na Afrika Kusini imo. Masharti ya kampuni yanataka nchi unayoishi kweli, kwa hiyo anayechagua nchi nyingine ajue kwamba siku akihitaji msaada, au akaunti ikifungwa, hana pa kusimamia. Nalisema hili wazi kwa sababu wauzaji wengi hufungulia wateja akaunti za Marekani bila kuwaeleza.

Nchi hiyo ndiyo inayoamua duka unaloliona, bei zake na vocha zinazokubalika. Vocha ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Oman, na vocha ya Oman haiingii kwenye ya Afrika Kusini. Kadi ya benki iliyotolewa nchi nyingine mara nyingi hukataliwa. Diski za PS5 hazijafungwa kwa nchi; diski iliyonunuliwa Dubai, London au Tokyo itacheza Unguja. Ila nyongeza za gemu zinazonunuliwa mtandaoni lazima zilingane na eneo la diski. Mtoto hununua kwa akaunti ya Oman nyongeza ya gemu ambayo diski yake ni ya Marekani, pesa zinakatwa, na gemu haioni kitu. Ukiona hivyo, linganisha eneo la diski na nchi ya akaunti kabla ya kulaumu mtandao.

Familia yetu ina sababu moja nzuri ya kufikiria Oman: ami yuko huko na anaweza kununua vocha dukani. Lakini kama wanachotaka ni diski tu, kucheza wawili sebuleni, si lazima wafungue akaunti yoyote. Mtumiaji wa kawaida wa ndani ya mashine anatosha. Watakachokosa ni duka, kucheza na walio mbali, na ukomo wa muda kwa kila mtoto.

Wakiamua kufungua akaunti, ya kwanza iwe ya mzazi, kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Akaunti za watoto zizaliwe kutoka hiyo, kupitia Family and Parental Controls, kisha Family Management. Zitafuata nchi ya mzazi. Mzazi anayempa mtoto umri wa uongo ili mambo yaende haraka anakuwa amemfungulia mtu mzima, na vizuizi vyote vinavyofuata havina wa kumshika.

Kwa kila mtoto kuna umri wa gemu, mazungumzo na wageni, ukomo wa matumizi kwa mwezi, na muda wa kucheza. Kwa mtoto wa miaka 9, kiwango cha umri kitazuia Grand Theft Auto V, ambayo kasha lake la Ulaya lina alama ya 18. Hakitazuia gemu ya mpira ya EA Sports FC 25, iliyopewa 3, ingawa ndani yake kuna kununua vifurushi vya wachezaji kwa pesa halisi. Kwa hiyo ukomo wa matumizi uachwe sifuri kwa wote wawili, na kila ununuzi uombwe kwa mzazi.

Kwenye muda wa kucheza kuna mambo mawili ya kutazama kwa makini. La kwanza ni Time Zone. Maskati iko saa moja mbele ya Unguja. Ikibaki ya Oman, mtoto uliyempangia mwisho wa saa mbili usiku atakatizwa saa moja. Na saa mbili usiku ya kwetu, kwenye skrini ni 20:00 au 8:00 PM. Ukiandika 2:00 umempa ruhusa mpaka usiku wa manane na zaidi. La pili ni kinachotokea muda ukiisha: mashine inaweza kutoa taarifa tu, au ikamtoa mtoto kwenye gemu. Chagua la pili kama unataka izime kweli.

Bado kuna mlango mmoja wazi. Mtoto wa miaka 14 anaweza kujitengenezea mtumiaji mpya kwenye mashine hiyohiyo, asiye na kizuizi chochote. Mlango huo hufungwa kwenye PS5 Console Restrictions, mahali palipoandikwa User Creation and Guest Login. Namba ya siri inayokuja na mashine ni 0000, na watoto wanaijua, kwa hiyo ibadilishe palepale. Kisha toka kwenye akaunti yako na ujaribu kuongeza mtumiaji mpya kama atakavyojaribu yeye. Mashine ikidai namba, umefunga.