Saa iliyohama mbali na mnara wake

Miaka mitatu iliyopita binamu yangu alirudi Dar es Salaam kutoka Frankfurt na saa ya mkononi ya namba, isiyotiwa majira wala kubadilishwa betri. Kule ilikuwa haikosei hata sekunde. Baada ya miezi minane hapa nyumbani ikawa nyuma kwa dakika moja na sekunde 20. Akaniletea: "Kaka, hii imekufa." Nikamwambia ni nzima kabisa, ila imehama mbali na mnara wake.

Kinachohesabu muda ndani ya saa hiyo ni kipande kidogo cha kwatzi ambacho, kikipitishiwa umeme, hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saketi huigawa idadi hiyo kwa mbili mara 15, ukabaki mpigo mmoja kwa sekunde. Mtetemo wenyewe huyumba kidogo kwa joto na baridi, na kwa kawaida kosa hufika hadi sekunde 15 kwa mwezi. Saa ya redio haina kwatzi bora kuliko saa nyingine. Inawazidi wenzake kwa sababu kila usiku kosa lake hufutwa kabla halijakua.

Kwa saa iliyoko Frankfurt, anayelifuta ni mnara wa DCF77 ulioko Mainflingen, karibu na mji huo. Mnara huo hurusha mawimbi ya kilohezi 77.5 yanayoongozwa na saa za atomu. Kila sekunde nguvu ya mawimbi hupunguzwa kwa muda mfupi: ikipungua kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde ni sifuri, ikipungua kwa sehemu mbili ni moja. Sekunde ya mwisho ya dakika huachwa bila alama, na hapo saa hujua kwamba dakika mpya inaingia. Saa na tarehe hukamilika kwa dakika nzima ya alama, kwa hiyo antena ndogo iliyo ndani inahitaji kusikiliza dakika kadhaa bila kusumbuliwa. Ndiyo maana hujaribu usiku, wakati mawimbi yanafika mbali zaidi. Ukiilaza kando ya televisheni au ndani ya kabati la chuma haitasikia kitu. Mahali pake ni karibu na dirisha.

Mawimbi ya Mainflingen hupokelewa hadi kilomita 2,000 hivi. Uingereza, Marekani, Japani na China nazo zina minara yao, lakini kutoka Dar es Salaam hadi huo wa Ujerumani ni karibu kilomita 7,000. Hapa kwetu saa hii hubaki kuwa saa ya kwatzi tu. Sekunde 10 kwa mwezi kwa miezi minane ni sekunde 80, yaani lile lile kosa alilolilalamikia.

Hakuridhika. Aliitupa kwenye droo, na huko ndiko ilikougua kweli.

Chini ya kioo kuna paneli ya sola inayochaji betri ndogo. Kwa saa ya aina hiyo, dakika tano za jua kali hutosha matumizi ya siku moja. Kwa mwanga hafifu wa ofisini hutaka saa nane. Ikiwa imejaa, huishi gizani karibu miezi 10 ikiendelea kuonyesha namba, au karibu miaka miwili ikijilaza. Lakini betri ya aina hii ikikaa tupu muda mrefu hupoteza uwezo wa kuhifadhi chaji. Ipe mwanga wa dirishani kwa siku kadhaa, lakini si juu ya dashibodi ya gari, maana joto la pale nalo huiua. Alama ikipanda hadi H kisha ikaporomoka hadi L baada ya usiku mmoja au miwili, betri imechoka.

Kabla ya kuniletea tena, alipitia kwa fundi mmoja akawekewa betri mpya. Ilifanya kazi wiki chache ikazima. Nilipoifungua nikakuta CR1616 imevimba na kuvuja. Iliyotakiwa ni CTL1616. Zote mbili zina umbo moja na ukubwa mmoja, na hapo ndipo mafundi wengi huteleza. Ya kwanza ni ya volti 3 na haichajiwi. Ya pili ni ya volti 2.3 na imetengenezwa ichajiwe. Paneli haijui tofauti hiyo. Huendelea kuisukumia umeme betri isiyoweza kuupokea.

Nilisafisha vikonyo vilivyoliwa na majimaji, nikaweka betri sahihi, kisha kwa kibanio cha chuma nikaunganisha kwa sekunde mbili sehemu iliyoandikwa AC na upande chanya wa betri. Bila hatua hiyo saketi huenda isiamke vizuri hata kama betri ni nzima. Namba zikatokea. Tukaitoa kwenye BER, tukaiweka JED, kwani Jeddah na sisi tuko majira mamoja, na sasa kila tarehe mosi binamu huisawazisha na simu yake.