Kiwiliwili Mlambalasi, fuvu Kalenga: kaburi la Mtwa Mkwawa liko wapi?

Mgeni akiingia katika jumba la makumbusho la Kalenga, jirani na mji wa Iringa, huonyeshwa fuvu la binadamu lililohifadhiwa ndani ya sanduku la kioo. Huelezwa kwamba ni la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891 na kuendelea kupambana nao kwa miaka saba. Ni rahisi mgeni huyo arudi nyumbani na kuandika kwamba Mkwawa amezikwa Kalenga. Sentensi hiyo ni fupi na inasomeka vizuri, lakini si kweli. Kaburi la Mkwawa liko Mlambalasi, yapata kilomita 50 kutoka mjini Iringa, na aliyelazwa humo alizikwa bila kichwa. Fuvu la Kalenga, kwa upande wake, halijazikwa.

Makosa ya namna hii huzaliwa pale mwandishi anapotafuta jibu moja kwa mtu ambaye mwili wake ulitenganishwa. Kwa Mkwawa inabidi kufuata njia mbili, ya kiwiliwili na ya kichwa, kila moja na tarehe zake na ushahidi wake.

Njia zote mbili zinaanzia siku moja, 19 Julai 1898. Ngome ya Kalenga ilikuwa imeanguka tangu Oktoba 1894, na Mkwawa alikuwa akiishi porini, akiwindwa huku Wajerumani wakiwa wametangaza zawadi ya fedha kwa atakayempata. Kikosi kidogo kilichoongozwa na Sajini Merkl kilifuata nyayo zake hadi karibu na miamba ya Mlambalasi. Merkl aliona watu wawili wamelala, akafyatua risasi, kisha akakuta wote wawili walikwisha kufa. Mkwawa alikuwa amejiua kwa bunduki ili asikamatwe. Merkl akaamuru kichwa kikatwe, kikapelekwa Iringa kwa Kapteni Tom von Prince kama uthibitisho kwamba aliyetafutwa amepatikana.

Safari ya kiwiliwili ikaishia pale. Kilizikwa Mlambalasi, na hadi leo ndipo penye kaburi linaloheshimiwa na ukoo wake. Hapa panahitajika uangalifu mmoja. Katika pango la mwamba la Mlambalasi wanaakiolojia wamefukua mifupa ya binadamu ya kale sana, ikiwemo ya zama za mawe. Eneo hilo lilipokea wafu maelfu ya miaka kabla ya Mkwawa, kwa hiyo habari ya kupatikana kwa mifupa Mlambalasi isichukuliwe kuwa habari za Mtwa.

Safari ya kichwa ndiyo ndefu, na ndiyo yenye shaka.

Wahehe waliamini kwamba kichwa kilipelekwa Ujerumani, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia utawala wa Waingereza ukalibeba dai hilo hadi kwenye meza ya amani. Matokeo yake ni Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, kilichoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Kifungu hichohicho kinataja pia Kurani ya Khalifa Othman iliyochukuliwa Madina. Miezi sita ikapita, ikafuatiwa na zaidi ya miaka thelathini, na fuvu halikurudi. Wajerumani walisema hawajui lilipo. Jambo hili ni muhimu kwa anayeandika: mkataba unathibitisha kwamba fuvu lilidaiwa rasmi, ila hauthibitishi lilikuwa wapi wala kwamba lilirudishwa kwa nguvu ya mkataba huo.

Aliyelifufua suala hilo ni Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining. Mwaka 1953 alifika katika jumba la makumbusho la Bremen, lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na kati ya hayo 84 yalitoka katika koloni la zamani la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hakukuwa na fuvu lililoandikwa jina la Mkwawa. Uteuzi ukafanywa kwa hatua mbili. Kwanza yalitengwa mafuvu ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, yaani uwiano wa upana wa kichwa kwa urefu wake. Kisha, kati ya hayo machache, likachukuliwa lile pekee lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining akalikabidhi hapo Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge la Tanzania.

Uteuzi huo una uzito gani? Vipimo vya kichwa vinafaa kuondoa mafuvu yasiyolingana, lakini haviwezi kumtaja mtu, kwa kuwa uwiano uleule hupatikana kwa watu wengi wasio na undugu. Tundu la risasi linaongeza uzito, kwani Mkwawa alikufa kwa bunduki. Hata hivyo mafuvu ya makusanyo kama yale yalitoka katika nchi iliyopigwa vita kwa miaka mingi, na aliyekufa kwa risasi hakuwa mmoja. Kipimo ambacho kingeweza kuunganisha fuvu na ukoo ni cha vinasaba, hasa vile vinavyopita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, maana Adam Sapi alitokana na Mkwawa kwa upande wa wanaume. Mwaka 1953 ndio kwanza umbo la DNA lilikuwa linaelezwa na wanasayansi, kwa hiyo Twining hakuwa na njia hiyo. Alitoa hukumu kwa ushahidi wa mazingira, na wanahistoria wana haki ya kuendelea kuuhoji.

Kwa hiyo maelezo yanayostahimili ukaguzi yangesomeka hivi: Mkwawa alifariki Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898, na kiwiliwili chake kikazikwa hukohuko, kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa na Wajerumani, fuvu lililoteuliwa Bremen kuwa lake lilikabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, na linahifadhiwa katika jumba la makumbusho la huko. Neno “lililoteuliwa” halimvunjii heshima Mtwa wala ukoo wake. Linamweleza msomaji jambo lilivyofanyika, nalo halipaswi kufutwa hata nafasi ya gazeti ikiwa finyu.

Wala kisa hiki kisichanganywe na maziko ya mara ya pili. Kabaka Mutesa wa Pili wa Buganda alifariki London Novemba 1969 akiwa uhamishoni, akazikwa katika makaburi ya Kensal Green. Mwaka 1971, Idi Amin akiwa ametwaa madaraka, mwili wake ulirudishwa Uganda na kuzikwa Kasubi, Kampala, waliko Makabaka waliomtangulia. Huyo alihama mzima kutoka kaburi moja hadi jingine, na utambulisho wake haukuwa na utata. Anayemwandika anahitaji kutaja makaburi yote mawili na mwaka wa kuhama. Akitaja la London peke yake, msomaji atakayelifuata Kensal Green atakuwa amechelewa kwa zaidi ya nusu karne.