Kutatua migongano ya package-lock.json bila kuvuruga vitegemezi

Mradi wa JavaScript unaotumia npm huwa na faili mbili zinazokwenda pamoja. Katika package.json, mtengenezaji wa programu huorodhesha vifurushi anavyovihitaji na matoleo anayoyakubali. Katika package-lock.json, npm yenyewe huandika toleo kamili la kila kifurushi, na la vile kinavyovitegemea, pamoja na alama ya kuhakiki kilichopakuliwa. Faili ya kwanza ni uamuzi wa mtu. Ya pili hutokana na hesabu ya npm.

Git haitambui tofauti hiyo, kwa sababu huunganisha mstari kwa mstari. Tuseme tawi la main limeongezewa axios, na tawi la malipo limeongezewa dayjs. Matawi hayo yakiunganishwa, faili zote mbili zinaweza kugongana. Anayechagua mistari ya package-lock.json kwa mkono anaweza kubakiza toleo kutoka tawi moja na alama ya uhakiki kutoka jingine, na npm ikakataa kwa kosa la EINTEGRITY. Kuifuta faili hiyo pamoja na node_modules huondoa mgongano, lakini npm huchagua matoleo upya, hata ya vifurushi ambavyo hakuna aliyekusudia kuvibadili.

Njia salama huanzia package.json: mistari ya axios na dayjs yote hubakizwa kwa mkono. Kisha, katika tawi la malipo, faili ya main huchukuliwa nzima na npm huachiwa iongeze kilichopungua:

```
git checkout main -- package-lock.json
npm install
npm ci
npm ls
git diff main -- package-lock.json
```

Amri ya npm ci husakinisha kila kitu upya na hugoma faili mbili zisipopatana. Npm ls huonyesha kifurushi kilichokosekana au chenye toleo lisilofaa. Kwa kuwa dayjs haitegemei kifurushi kingine, diff inapaswa kuwa na mistari michache tu. Ikitokea mamia, mara nyingi wanatimu wanatumia matoleo tofauti ya npm: npm 6 huandika muundo wa 1, npm 7 wa 2, na npm 9 wa 3. Wakikubaliana kutumia toleo moja, chanzo hicho cha migongano huisha.

Njia hii ina kasoro moja: sasisho lililofanywa ndani ya package-lock.json pekee katika tawi la malipo hupotea, hivyo lirudiwe.

Hatari zaidi ni muunganisho unaopita kimya huku faili ikiwa na kasoro. Mstari huu katika .gitattributes huilazimisha Git kutangaza mgongano kila matawi yote mawili yanapoigusa faili hiyo:

```
package-lock.json -merge
```

Faili nyingine zinazozalishwa, kama zile za dist, hufuata kanuni hiyohiyo: chanzo huunganishwa, kisha faili huzalishwa upya. Zikiweza kuzalishwa wakati wowote, ziwekwe kwenye .gitignore, package-lock.json isiwekwe humo kamwe.