Ulipanda boda ya mlevi, je, huna haki ya fidia?

Amina anatoka arusini Kisauni, Mombasa, saa sita usiku. Juma, mwendesha boda, ameshinda hapo akinywa mnazi, na Amina amemwona akipiga bilauri baada ya bilauri. Juma anampa helmeti. Amina anaikataa kwa kuwa nywele zake zimesukwa siku hiyo hiyo, kisha anapanda na kusema, “Twende tu, siku ikifika imefika.” Mbele kidogo Juma anakosa kona na pikipiki inaingia mtaroni. Amina anavunjika mguu na kuumia kichwa. Anamshtaki Juma akidai fidia.

Kisa hiki ni cha kutunga, cha aina ambayo wanafunzi wa sheria hupewa kwenye mtihani, lakini kinafanana na mambo ya kila wiki barabarani.

Uzembe wa Juma hauna ubishi, kwani aliyebeba abiria anawajibika kuendesha kwa uangalifu. Mabishano yako kwenye utetezi wake, nao ni wa namna mbili.

Wa kwanza ni kwamba Amina alijitwika hatari kwa hiari yake. Huu huchunguzwa mwanzo, kwa sababu ukikubaliwa Amina hapati hata shilingi. Kwa ukali huo, mahakama huukubali kwa nadra. Haitoshi Juma kuonyesha kwamba Amina alijua hatari. Ni lazima aonyeshe pia kwamba alikubali, bila kushurutishwa, kubeba mwenyewe hasara ya uzembe utakaotokea. Kujua ni jambo moja, kusamehe kabla ya kukosewa ni jambo jingine.

Uingereza, ambako kanuni hizi za Kenya zilitoka, abiria aliyepanda gari la dereva aliyelewa alishinda kesi mwaka 1939, katika shauri la Dann dhidi ya Hamilton. Kinyume chake, katika Morris dhidi ya Murray, iliyoamuliwa mwaka 1990, abiria alishindwa kabisa. Yeye alikunywa na rubani kwa saa kadhaa, akampeleka uwanjani kwa gari, akasaidia kuandaa ndege ndogo, kisha wakaruka. Rubani alikuwa amelewa chakari, hivyo kupanda ndege ile kulikuwa sawa na kumwambia kwamba lolote litakalotokea halitadaiwa. Amina hakufika huko. Maneno yake ya “siku ikifika” ni kauli ya mtu mwenye haraka ya kurudi nyumbani, si mkataba wa kumwondolea Juma deni.

Utetezi wa pili ni kwamba Amina naye alichangia madhara yake. Zamani hata huu uliangusha dai zima. Mwaka 1809, katika kesi ya Butterfield dhidi ya Forrester, mtu aliyekimbiza farasi akagonga mti uliowekwa njiani alikosa fidia yote, ingawa aliyeuweka alikuwa na kosa. Uingereza iliondoa ukali huo kwa sheria ya mwaka 1945. Kenya, kifungu cha 4 cha Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, kinamruhusu hakimu kupunguza fidia kwa kadiri ya lawama ya mdai.

Swali hapa si kama Amina alisababisha ajali, kwa maana hakushika usukani. Swali ni kama alizembea usalama wake na uzembe huo ukamzidishia madhara. Kwa kupanda na mlevi, Owens dhidi ya Brimmell ya mwaka 1976 ilikata asilimia 20. Kwa mkanda wa gari usiofungwa, Froom dhidi ya Butcher ya mwaka 1975 iliweka kipimo ambacho hufuatwa pia kwa helmeti: asilimia 25 kama kifaa kingezuia jeraha lote, 15 kama kingelipunguza, na sifuri kama kisingesaidia kitu.

Hapo ndipo daktari anapohitajika. Helmeti haikingi mguu, kwa hiyo kosa la kuikataa linagusa kichwa tu. Tuseme fidia yote ni shilingi 1,000,000, na daktari anathibitisha kwamba helmeti ingepunguza jeraha la kichwa. Hakimu hajumlishi 20 na 15 kama mwenye duka. Anayapima makosa yote kwa pamoja na anaweza kufikia, kwa mfano, asilimia 30. Amina atapata 700,000.

Mzigo wa kuthibitisha haya yote ni wa Juma. Lazima ayataje kwenye hati yake ya utetezi na kuyaletea ushahidi. Asipomleta daktari, hoja ya helmeti inaweza kuanguka, hata kama kila mtu arusini aliona ikikataliwa.

Kwa hiyo majeruhi akiambiwa, “Ulijua amelewa, huna kesi,” asikubali kufunga faili. Kujua kwake kunaweza kumpunguzia fidia, lakini kwa kawaida hakumnyimi yote.