Chokaa Tatu, Neno Moja: Uwiano wa Istilahi katika Karatasi ya Maelekezo ya Usalama Kiwandani Mgololo

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ya kuandaa karatasi ya maelekezo ya usalama kwa Kiingereza, Kiswahili na Kihehe huku kila dhana ya kitaalamu ikibaki na istilahi moja katika kila lugha. Mfano wake ni sehemu ya kurejesha kemikali katika kiwanda cha karatasi cha aina ya kile cha Mgololo, wilayani Mufindi. Inajengwa hoja kwamba chanzo kikuu cha mkanganyiko ni maneno ya kawaida ya Kiswahili ambayo kila moja linabeba dhana kadhaa, na kwamba upungufu wa istilahi si tatizo kubwa kiasi hicho.

1.0 Mchakato na majina yake

Kiwanda cha Mgololo kilianza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980 kikitegemea miti ya msitu wa Sao Hill. Njia ya kutengeneza karatasi ngumu ya mifuko ni kupika vipande vya mti katika mchanganyiko wa hidroksidi ya sodiamu na salfidi ya sodiamu. Kemikali hizo ni ghali, hivyo hurejeshwa. Maji meusi yanayobaki baada ya upishi huchomwa, na majivu yake yaliyoyeyuka hutiwa majini yakatoa kimiminika chenye kabonati ya sodiamu. Kimiminika hicho huchanganywa na chokaa kutoka tanurini, na hapo hutokea mabadiliko mawili:

```
CaO + H2O -> Ca(OH)2
Na2CO3 + Ca(OH)2 -> 2NaOH + CaCO3
```

Dutu ya mwisho upande wa kulia hutuama kama tope, huoshwa, hurudishwa tanurini na kuwa CaO tena. Katika eneo hili moja, basi, mfanyakazi huzungukwa na dutu tatu ambazo Kiswahili cha kila siku huziita chokaa, yaani CaO, Ca(OH)2 na CaCO3. Pia zipo dutu mbili ambazo mfasiri asiye makini huweza kuziita magadi: Na2CO3 na NaOH.

2.0 Gharama ya neno moja

Sentensi fupi kama “Chokaa ikikugusa, osha kwa maji mengi” inatosha kuonesha tatizo. Kwa tope la CaCO3 ni ushauri usio na madhara. CaO iliyo kavu, kwa upande wake, hupata joto kali ikikutana na maji. Kwa hiyo chembe zilizo juu ya ngozi hupanguswa kwanza zikiwa kavu, kisha ngozi husuuzwa kwa maji mengi. Kwa kimiminika cha NaOH hakuna cha kupangusa. Maji hutumiwa papo hapo. Tofauti hizi hazionekani katika neno chokaa, wala katika neno magadi, ambalo kwa msomaji wengi wa nyanda za juu ni kitu cha kulainishia maharage jikoni. Mtu anayesoma “magadi” kwenye pipa la NaOH amekwisha kupewa sababu ya kutovaa miwani.

Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, ambao toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 2003, unasaidia kwa sehemu. Kila aina ya madhara ina msimbo na sentensi maalumu: NaOH hupewa H314, yaani huunguza vikali ngozi na kudhuru macho, ilhali Na2CO3 hupewa H319, yaani huwasha macho vikali. Mfumo huo hutolewa katika lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo. Kila kiwanda kinachotafsiri peke yake hujitungia sentensi zake, na hapo uwiano huanza kupotea.

Mfumo huo pia una maneno mawili ya ishara, la madhara makubwa na la madhara madogo zaidi. NaOH hubeba la kwanza, Na2CO3 la pili. Katika Kiswahili, “hatari” hutumika kwa neno la ishara, kwa sifa ya dutu yenyewe na kwa uwezekano wa mtu kudhurika. Pendekezo linalofaa ni kuandika HATARI kwa ishara kubwa na TAHADHARI kwa ishara ndogo, kuita sifa ya dutu “kihatarishi”, neno linalofahamika tayari katika shughuli za usalama kazini nchini, na kutaja uwezekano wa kudhurika kwa maneno hayo hayo bila kufupisha. Baada ya hapo maneno “chukua tahadhari” yasionekane tena katikati ya maelezo, maana yatashindana na ishara.

3.0 Kuchagua istilahi

Kazi huanza na jedwali la dhana kabla ya kutafsiri sentensi yoyote. Kila safu ya jedwali ni dhana moja: fomula, msimbo, mahali dutu inapopatikana kiwandani, kisha istilahi moja kwa kila lugha. Majina mengine yanayosikika kazini, kwa mfano “kostiki” kwa NaOH, huandikwa pembeni kama yanayoruhusiwa au yaliyokataliwa. “Kostiki” inastahili kuruhusiwa, kwa kuwa watengeneza sabuni wengi wanaijua na hakuna anayeipika.

Kwa CaO jina linalojitokeza kwanza ni “chokaa isiyozimwa”, likipingana na “chokaa iliyozimwa”. Jozi hii ni sahihi kisarufi lakini haifai kwenye ubao wenye vumbi, kwa sababu dhana mbili zinatenganishwa na silabi moja tu ya katikati ya neno. “Chokaa kali” nayo haitoshi: Ca(OH)2 pia hudhuru macho. “Chokaa ya tanuri”, “chokaa iliyozimwa” na “tope la chokaa” zinatofautiana kwa macho na kwa sikio, na zinafuata njia ambayo mfanyakazi anaiona. Udhaifu upo: mfuko wa CaO ulionunuliwa haukutoka katika tanuri la kiwanda, hivyo lazima nao uandikwe jina hilo hilo kabla ya kuingia ghalani.

4.0 Upatanisho wa kisarufi

Hata istilahi zikiwa sahihi, sentensi inaweza kuzivuruga. Chokaa, soda, kemikali, ngozi na nguo zote ni za ngeli ya I-ZI. Maelekezo “Chokaa ya tanuri ikigusa ngozi au nguo, iondoe” hayasemi kiondolewe nini. Kiambishi i- kinaweza kurejelea nomino yoyote kati ya hizo tatu. Kiingereza kina utata wake wa viwakilishi, lakini hapa sarufi haitoi msaada wa ngeli hata kidogo. Dawa ni kurudia nomino: “Pangusa chokaa ya tanuri. Vua nguo.” Mtindo unadhoofika, na hiyo ni bei ndogo.

Kihehe, kikiwa lugha ya Kibantu, kina mfumo wake wa ngeli, na urejeleaji hukaguliwa upya. Toleo la Kihehe likitafsiriwa kutoka la Kiswahili, hurithi kila utata uliobaki. Ndiyo maana mfasiri wake apewe jedwali na fomula, si matini ya Kiswahili pekee.

5.0 Ukaguzi

Ukaguzi wa kwanza ni wa kuhesabu. Dhana ya CaO ikitajwa mara saba katika toleo la Kiingereza, “chokaa ya tanuri” itafutwe katika la Kiswahili. Upungufu huonesha mahali palipoandikwa “chokaa” tupu au kiambishi. Toleo la Kiswahili linaweza kuzidi kwa sababu ya nomino zilizorudiwa, na hilo si kosa. Ukaguzi wa pili ni wa vitendo: mfanyakazi ambaye hakushiriki kuandaa karatasi husomewa istilahi na kuombwa aoneshe pipa, mfuko au bomba linalohusika, kisha aseme angefanya nini kwanza dutu hiyo ikimwangukia mkononi. Akionesha tope aliposomewa chokaa ya tanuri, linalorekebishwa ni jedwali, na kutoka hapo matoleo yote matatu kwa pamoja.